Ndege, Makinda Wawili na Mtume Asiyechorwa

Mtoto wa miaka minne akiangalia katuni, hutaka kumwona anayetajwa. Ukisema simba, anataka simba. Ukisema babu, anamtafuta babu kwenye kioo. Sasa keti uandike hadithi ya dakika tatu ambayo mhusika wake mkuu haonekani hata kidogo. Uso wake hauchorwi, mkono wake hauchorwi, kivuli chake hakichorwi, wala hakuna mtu wa kumwigiza sauti. Hiyo ndiyo kazi inayomkabili kila anayetaka kuwatengenezea watoto wa Kiislamu katuni kuhusu huruma ya Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wa sallam, kwa wanyama.

Nimeandika muswada wa aina hiyo, nikaufuta, nikauandika upya. Makosa niliyoyafanya ndiyo yanayofanywa na wengi, na ufumbuzi wake ni mwepesi kuliko ninavyoudhania mwanzoni. Ndiyo maana nauweka hapa wote, onyesho kwa onyesho.

Kwanza ni kuchagua kisa. Visa vinavyozunguka madukani na kwenye simu ni vingi, na baadhi havina mizizi. Kile cha paka aitwaye Muizza, ambaye Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe usingizini, kinapendwa mno, lakini hakimo katika vitabu vya Hadithi vinavyotegemewa. Kisa cha mbwa mwenye kiu kimo katika Bukhari na Muslim, ila nimekisikia kikisimuliwa vibaya mara nyingi: wasimuliaji husema Mtume ndiye aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa. Sivyo. Mtume alisimulia habari ya mtu mwingine aliyefanya hivyo. Ukimchora mtu huyo, hujakosea. Ukisema ni Mtume, umemzulia tendo.

Nilichokichagua ni kisa cha ndege. Kimo katika Sunan ya Abu Daudi, kwa riwaya ya Abdullah bin Masud. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume. Yeye akaenda kwa haja yake. Wao wakamwona ndege mdogo, kwa Kiarabu anaitwa hummara, akiwa na makinda wawili, wakawachukua makinda. Mama akaja, akawa anatandaza mabawa. Mtume akarejea, akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa kumchukulia watoto wake, akaamuru arudishiwe. Riwaya inaendelea na habari ya kichuguu cha sisimizi kilichochomwa moto, na jinsi Mtume alivyokataza kuadhibu kwa moto. Hiyo sehemu ya pili nimeiacha, kwa sababu moto na watoto wadogo havikai pamoja kwenye filamu ya dakika tatu. Kuacha kunaruhusiwa. Kuongeza ndiko kwenye hatari.

Ipo pia riwaya nyingine, katika kitabu cha Imam Bukhari kiitwacho Al-Adab al-Mufrad, ambayo mtu mmoja alichukua mayai badala ya makinda, na ndege akaja kupapatika juu ya kichwa cha Mtume. Ni picha nzuri mno, na nilitamani kuichukua. Lakini kuchanganya makinda ya riwaya hii na kichwa cha riwaya ile ni kutengeneza kisa cha tatu ambacho hakuna aliyekisimulia. Halafu kuna sababu ya kikatuni: yai halisogei. Kinda anafungua mdomo, anatikisa kichwa, analia, na mtoto anayetazama anajua papo hapo kwamba huyu ana mama.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na maneno zaidi ya mia tatu. Ndege alizungumza. Alisema, kwa sauti ya kilio, kwamba wanawe wamechukuliwa. Kulikuwa na mvulana mtundu aliyewaiba makinda akicheka. Na mwishoni niliandika: Mtume anatabasamu. Niliupeleka kwa maalim mmoja mzee aliyenifundisha Hadithi nilipokuwa mdogo. Akausoma taratibu, akachukua kalamu yake ya risasi, akapiga mstari mahali patatu.

“Mwanangu,” akaniambia, “tabasamu hili umelitoa wapi?”

Nikamjibu kwamba lazima alitabasamu, kwani makinda wamerudi.

“Labda. Lakini hukuambiwa. Na huyu mvulana umemtoa wapi? Riwaya inasema tuliwachukua. Ni masahaba wenyewe wanaosimulia, hawakumsingizia mtoto wa mtu.”

Maneno yale yaliubadilisha muswada wote. Nilikuwa nimeweka mwovu kwa sababu nilidhani kila hadithi ya watoto inahitaji mwovu. Kisa hiki hakina. Waliochukua ni watu wema waliovutiwa na makinda, wasifikirie mama. Mtoto wa miaka minne anayekamata kifaranga ua zima na kukibana kifuani ni mmoja wao kabisa, kwa hiyo anajiona ndani ya hadithi bila kulaumiwa. Na ndege asizungumze: katika riwaya hii hakuzungumza. Sisimizi na hudihudi walizungumza katika kisa cha Nabii Sulaiman, na hicho ni kisa kingine chenye hoja nyingine. Hapa uzito wote uko katika jambo hili, kwamba kiumbe asiyeweza kusema neno alieleweka.

Tangu siku hiyo natumia rangi mbili. Kila jambo lililomo katika riwaya nalipigia mstari wa buluu. Kila nililoongeza mimi, kama upepo, rangi ya anga, kichaka na kiota, nalipigia mstari wa risasi. Mstari wa risasi hauruhusiwi kumgusa Mtume: si tendo lake, si neno lake, si hisia yake. Ukifanya hivyo kwenye karatasi, utayaona makosa yako kwa macho kabla hujamwonyesha mtu.

Sasa tuje kwenye lile gumu la kutomwonyesha. Filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976, Ar-Risala, ilitumia njia ya kuifanya kamera iwe macho ya Mtume: waigizaji wanaitazama kamera na kuzungumza nayo, na jibu lake halisikiki, ila mtu mwingine analirudia. Filamu ya katuni kuhusu maisha ya Mtume iliyoongozwa na Richard Rich mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifuata njia hiyohiyo. Kwa watu wazima inafaa. Kwa watoto wadogo naiona ina kasoro: sahaba akikitazama kioo na kuzungumza, mtoto hudhani anazungumza naye. Wengine huchora umbo la nuru nyeupe. Nalo silipendi, kwa sababu mtoto hasemi ile ni alama. Anasema Mtume ni taa.

Njia niliyoifuata ni hii: msimulizi anapomtaja Mtume, kamera inaonyesha kile ambacho Mtume aliuliza habari zake. Anaulizia ndege, basi tunamwona ndege. Ukiifuata kanuni hiyo hadi mwisho, utagundua kwamba mtoto hapotezi kitu. Macho yake yamekwenda palepale yalipotakiwa kwenda. Nao masahaba, kwa kuwa wanazuoni wengi hawapendi nyuso zao zichorwe, ninawaonyesha viganja tu, na kamera nimeishusha chini kwenye kimo cha kichaka, mahali anapokaa ndege. Kwa kimo hicho ni jambo la kawaida kutoziona nyuso za watu.

Muswada wenyewe huu hapa. Kila onyesho lina mambo matatu tu: tunachokiona, tunachokisikia, na anachosema msimulizi.

ONYESHO LA 1. NJE. NYIKA YENYE MIGUNGA. ASUBUHI. Sekunde 20.
Tunaona: Anga pana. Chini, mchanga wenye alama za nyayo za ngamia. Kamera inazifuata alama polepole mpaka kwenye kivuli cha mgunga. Viriba vya maji vimetundikwa tawini.
Tunasikia: Upepo mwepesi. Kengele ndogo ya ngamia, mbali.
Msimulizi: Zamani, Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wa sallam, alikuwa safarini na masahaba zake. Njia ilikuwa ndefu. Wakapumzika.

ONYESHO LA 2. NJE. KICHAKA KIFUPI. ASUBUHI. Sekunde 25.
Tunaona: Njia tupu inayopotea nyuma ya miamba. Kisha kichaka. Ndani yake kiota, na makinda wawili wamefungua midomo. Mama, ndege mdogo mwenye manyoya mekundu-mekundu, anamlisha mmoja, anamlisha wa pili, anaruka kwenda zake.
Tunasikia: Makinda. Mabawa ya mama yakienda mbali.
Msimulizi: Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akaondoka kidogo kwa haja yake. Hapo karibu palikuwa na ndege mdogo. Alikuwa na makinda wawili.

ONYESHO LA 3. NJE. KICHAKANI. Sekunde 20.
Tunaona: Viganja viwili vya mtu mzima vinaingia kutoka juu, polepole. Vinawainua makinda kwa upole. Kiota kinabaki kitupu. Tunawaona makinda viganjani, wazima, wakichungulia.
Tunasikia: Majani yakisuguana. Makinda.
Msimulizi: Wasafiri wakawaona makinda. Wakawachukua.

ONYESHO LA 4. NJE. KICHAKANI NA ANGANI. Sekunde 40.
Tunaona: Mama anarudi. Anatua ukingoni mwa kiota. Anatazama ndani. Anatazama kulia, kushoto. Anaruka. Anashuka karibu na ardhi, mabawa ameyatandaza. Anapanda. Anashuka tena.
Tunasikia: Mabawa. Kisha upepo pekee. Kisha mabawa tena.
Msimulizi: (baada ya sekunde 10 za kimya) Mama yao akaja. Akatandaza mabawa yake.

ONYESHO LA 5. NJE. ANGANI. Sekunde 35.
Tunaona: Ndege peke yake. Kamera inamsogelea kidogo kidogo mpaka jicho lake linajaa kwenye picha. Haondoki.
Tunasikia: Mabawa yanapungua sauti msimulizi anapoanza.
Msimulizi: Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, akarejea. Akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa kumchukulia watoto wake. Akaamuru arudishiwe watoto wake.

ONYESHO LA 6. NJE. KICHAKANI. JIONI. Sekunde 40.
Tunaona: Viganja vilevile vinarudi. Kinda wa kwanza anawekwa kiotani. Wa pili. Viganja vinatoka. Kiota, bila mtu. Mama anatua. Anawafunika kwa mabawa. Kichwa kimoja kidogo kinatokeza chini ya bawa. Picha inafifia.
Tunasikia: Makinda. Kisha utulivu.
Msimulizi: (hasemi)

Ukijumlisha sekunde zote unapata 180, yaani dakika tatu. Maneno ya msimulizi hayafiki 70. Niliposoma muswada wa kwanza wa maneno mia tatu kwa sauti, nikiwa na saa mkononi, nilimaliza nikihema, na hapakubaki hata nafasi ya kusikia bawa. Mswahili anayewasimulia watoto hakimbii. Husema, akanyamaza, akawaangalia. Kuna jambo ambalo waandishi wengi hulisahau katika hesabu: dua ya kumswalia Mtume husomwa kamili, nayo hula kama sekunde tatu kila mara. Hapa imesomwa mara tatu, kwa hiyo sekunde tisa tayari zimetumika. Mwandishi asiyezihesabu humwona msomaji akiikimbiza dua ili awahi picha, na hilo haliwi.

Angalia sasa namna maelekezo yalivyoandikwa. Katika onyesho la nne sikuandika kwamba ndege ana huzuni. Mchoraji hawezi kuchora huzuni ya ndege. Akilazimishwa atamwekea nyusi na machozi, awe mtu aliyevaa manyoya. Riwaya imetupa tendo lenyewe: anatandaza mabawa. Hilo linachorwa. Kutazama kiota kitupu, kulia, kushoto, hilo nalo linachorwa. Kipimo changu ni kumpa mtoto wa miaka kumi asome sentensi moja ya maelekezo kisha achore kwa penseli. Akiuliza “nichore nini?”, sentensi ni mbovu.

Kipimo kingine ni mfuko. Filamu huenda kwa picha 24 kila sekunde, hivyo dakika tatu ni picha 4,320. Wahuishaji wengi huokoa kazi kwa kuiacha kila picha isimame mara mbili, na bado zinabaki 2,160. Ndiyo maana viganja vinatosha na msafara wa ngamia ishirini hautakiwi. Katika onyesho la kwanza ngamia hawaonekani kabisa. Tunaona alama za nyayo na tunasikia kengele, na mchoraji amepunguziwa kazi ya siku kadhaa. Onyesho la tano ni ndege mmoja tu akisogelewa na kamera. Mahali penye uzito mkubwa kuliko pote ndipo palipo rahisi zaidi kuchora, na sikupanga iwe hivyo. Kanuni ya kuonyesha kile Mtume alichokiulizia ndiyo iliyonifikisha hapo.

Jihadhari na mandhari. Wachoraji huchukua jangwa kutoka katuni za Kimarekani, na nyuma ya msafara wa Kiarabu unaona mpungate mrefu wenye mikono miwili. Mmea ule asili yake ni Amerika, haukuwako Arabuni zama zile. Mgunga ndio wa huko, na mtoto wa Dodoma au Garissa anaujua kwa miiba yake. Ngamia akionekana awe na nundu moja.

Onyesho la tatu lilinitia wasiwasi kuliko mengine. Kwa mtoto mdogo, kutenganishwa na mama ni hofu ya kweli, na nimeona watoto wakigeuza uso kwenye sehemu kama hii. Ndiyo maana ni fupi, sekunde 20, na ndiyo maana picha ya mwisho ndani yake ni ya makinda wakichungulia viganjani wakiwa wazima. Mtazamaji anajua wako salama, ila mama hajui. Tofauti hiyo inamfanya mtoto amhurumie mama badala ya kujiogopea mwenyewe. Nilipokuwa nimeyaficha makinda ndani ya mfuko wa ngozi, katika muswada wa awali, watoto waliuliza kama wamekufa.

La mwisho ni onyesho la sita, na hapa maalim alinishangaza. Riwaya inaishia kwenye amri: mrudishieni. Haielezi viganja vikirudi kiotani, wala mama akitua. Nilidhani ataufuta mwisho wangu wote. Akaniuliza tu kama msimulizi anasema kitu pale. Nikamwambia hasemi. Akasema basi acha, kwani masahaba waliamriwa na hatuna shaka kwamba walitii. Picha inaonyesha utii, na ulimi haujadai kusimulia lisilosimuliwa. Kimya kile cha sekunde 40, ambacho kila niliyemwonyesha alitaka kukijaza kwa kaswida au kwa maneno ya mafunzo, kimebaki kwa sababu hiyo.

Nilipowasomea watoto wa chuoni muswada huu, huku nikiwaonyesha picha za penseli moja baada ya nyingine, hakuna aliyeuliza Mtume yuko wapi. Walinyamaza kwenye onyesho la nne. Kwenye la sita, binti mmoja alihesabu kwa sauti: mmoja, wawili. Alitaka kuhakikisha makinda wote wamerudi.

Nawe ukitaka kuandika wako, kipo kisa cha ngamia katika bustani ya mmoja wa Ansari, kilichosimuliwa na Abdullah bin Jaafar, nacho kimo humohumo katika Sunan ya Abu Daudi. Ngamia alitokwa na machozi, Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akamkanya mwenye ngamia kwa kumshindisha njaa na kumchosha kwa kazi. Ni kigumu zaidi, kwa kuwa ndani yake Mtume anamgusa mnyama, na mkono huo hauwezi kuchorwa. Anza na macho ya ngamia. Kabla hujampa mchoraji, mpelekee anayeijua riwaya, na umpe kalamu ya risasi.